Namba ya Tochi Ni ya Gari Lipi?

Shemeji yangu ni dereva mwoga, na hapo ninamsifu. Akikiona kibao cha 50 hupunguza mwendo kabla hajakifikia, na wa nyuma wakimpigia honi anawaacha wapige. Kwa hiyo siku aliposimamishwa kwenye kijiji kimoja cha barabara kuu na kuambiwa alikuwa 71, mimi niliyekaa kiti cha pembeni nilishtuka kuliko yeye. Mshale wa dashibodi nilikuwa nimeutazama dakika hiyohiyo. Ulikuwa 48.

"Afande, mwendo huo sijafika," alisema.

"Dada yangu, tochi haidanganyi." Askari akatugeuzia kioo cha tochi yake. Kweli, 71, namba nyekundu. "Si mnaona wenyewe?"

Wakati tunaegesha pembeni, lori la mizigo lilikuwa limetupita likitoka mteremkoni, likapunguza mwendo mbele ya kituo cha bodaboda na kwenda zake. Nilikuwa nimeliona kwenye kioo cha pembeni tangu tulipokuwa tunaingia kijijini. Shemeji alichukua notifikesheni yake ya shilingi 30,000, tukaendelea na safari bila maneno mengi.

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki, na ile kauli ya askari haikunitoka. Niliigeuza kichwani wiki nzima, mwisho nikakubaliana naye: tochi ile haikudanganya. Kwenye barabara ile kulikuwa na kitu kinachokwenda 71. Tulichopaswa kuulizana pale, na hakuna aliyekiuliza, ni kitu gani. Madereva wetu hubishana na askari kuhusu usahihi wa mashine, ambao ndio upande imara kuliko yote, na upande dhaifu unapita bila kuguswa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Barabarani "tochi" ni kifaa chochote cha askari cha kupimia mwendo, lakini humo ndani mna mashine mbili tofauti. Moja ni ya leza. Inatuma mipigo mifupi ya mwanga usioonekana, inapima umbali wa gari mara nyingi ndani ya sehemu ya sekunde, na kuona umbali unapungua kwa haraka gani. Nyingine ni ya rada, na hii haipimi umbali hata kidogo. Inatuma mawimbi ya redio mfululizo bila kukatiza na kusikiliza mwangwi wake. Ile iliyotukamata ilikuwa ya rada: mdomo mpana kama wa bilauri uliofunikwa plastiki, haina darubini ya kulengea wala kamera. Ninazungumzia hiyo.

Mwangwi wa kitu kisichotembea unarudi ulivyokwenda. Ukipiga kelele mbele ya ukuta, sauti yako inarudi na unene au wembamba uleule. Lakini kama ukuta unakujia, sauti inarudi nyembamba zaidi, na kama unakukimbia inarudi nzito. Mabadiliko hayo tumeyazoea kwa king'ora cha ambulensi kinachobadilika ghafla kinapotupita, na yana jina la Christian Doppler, mwanafizikia aliyeyaeleza mwaka 1842 akiwa Praha. Ila ambulensi na rada zina tofauti moja kubwa, na ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Ambulensi inatoa sauti yake yenyewe, kwa hiyo mwendo wake unaigusa sauti mara moja tu. Gari lililopigwa rada halitoi kitu, linarudisha tu. Mawimbi yanapolifikia, tayari linayaendea, kwa hiyo linakutana nayo kwa wingi kuliko ambavyo lingekutana nayo likiwa limesimama. Hapo ni mara ya kwanza. Kisha bati lake linayarudisha huku lenyewe likiendelea kuja, na yale yanayorudi yanabanwa tena. Hapo ni mara ya pili. Anayepiga hesabu kwa kufuata mfano wa ambulensi anapata nusu ya jibu.

Njia nyepesi ya kuona kwa nini ni mara mbili ni kuhesabu mawimbi yaliyomo njiani. Rada nyingi za trafiki duniani hutumia masafa ya gigahezi 24.15, yaani mawimbi bilioni 24 na milioni 150 kwa sekunde. Wimbi moja lina urefu wa milimita 12.4, kama upana wa kidole cha mtu mzima. Chukua gari linalokuja kwa kilomita 50 kwa saa, ambazo ni mita 13.9 kwa sekunde. Baada ya sekunde moja, njia ya kwenda imefupika kwa mita 13.9, na njia ya kurudi nayo imefupika kwa mita 13.9. Safari nzima imepungua mita 27.8. Gawanya mita hizo kwa urefu wa wimbi, bila kukata desimali, upate mawimbi 2,238. Hayo yalikuwa na nafasi njiani, sasa hayana, na hayana pengine pa kwenda ila kurudi kwenye rada. Katika sekunde hiyo rada inapokea mawimbi 2,238 zaidi ya yale iliyotuma. Kwa fomula:

Δf = 2 · v · f₀ / c

ambapo v ni mwendo wa gari, f₀ ni masafa yaliyotumwa, na c ni mwendo wa mawimbi ya redio, ambao ni uleule wa mwanga. Kwa rada ya gigahezi 24.15, kila kilomita moja kwa saa inaongeza hezi 44.75.

Sasa mtu atauliza, utaijuaje nyongeza ya 2,238 kwenye namba inayoanzia bilioni 24? Hakuna kifaa cha bei ya kawaida kinachoweza kuhesabu hivyo moja kwa moja, na hakuna haja. Waliopiga gitaa kwenye bendi za dansi wanalijua jibu. Unapopatanisha nyuzi mbili ambazo zimekaribiana lakini hazijaelewana, unasikia sauti ikiyumba, uo-uo-uo. Kadiri nyuzi zinavyoachana ndivyo kuyumba kunavyoharakisha, na idadi ya kuyumba kwa sekunde ndiyo tofauti ya nyuzi mbili zenyewe. Rada inafanya hilohilo. Inachukua tone la mawimbi yake yenyewe yanayotoka, inalichanganya na mwangwi ndani ya diodi, na kinachotoka ni ule uyumbaji: hezi 2,238. Hiyo ni sauti ya kawaida kabisa, sikio linaisikia bila shida, wembamba wake karibu na noti za juu za filimbi. Ukiipeleka kwenye spika, mwendo wa gari unageuka mluzi.

Mluzi huo nimeusikia mwenyewe. Kuna kifaa kidogo cha rada kinachouzwa kwa mafundi kwa jina la HB100, ukubwa wake unakaribia kiberiti, kinatumia gigahezi 10.525. Kimetengenezwa kwa ajili ya milango ya kujifungua na taa za kujiwasha, lakini ukikiongezea amplifaya ya maana na spika, kinakuwa sikio la barabarani. Kwake kila kilomita kwa saa ni hezi 19.5. Nilikifunga kwenye kigoda mita chache kutoka kwenye lami nikakielekeza kule magari yanakotoka.

Mtu anayetembea kwa miguu ana ngurumo nzito, iliyogawanyika gawanyika kwa sababu mikono na miguu yake inakwenda mbele na nyuma kwa kasi tofauti na kiwiliwili. Bajaji inakuja na mluzi mwembamba kidogo. Gari dogo likija kwa 60 linatoa mluzi wa hezi 1,170, ulionyooka, unaokua kwa nguvu bila kubadilika wembamba. Pembeni ya mluzi kuna mvumo kama wa upepo, nao ni magurudumu: sehemu ya juu ya tairi inakwenda mara mbili ya mwendo wa gari, sehemu inayogusa lami imetulia kwa nukta ile, na katikati yake kuna kila mwendo. Kisha gari linapokaribia usawa wa kigoda, mluzi unaanza kuzama. Unashuka, unashuka, unakuwa mngurumo, unanyamaza kabisa kwa kupepesa jicho, halafu unapanda tena gari linapokwenda zake. Kuja na kwenda vinatoa mluzi uleule, maana uyumbaji unaonyesha tofauti ni kubwa kiasi gani tu. Rada inayotaka kujua mwelekeo inahitaji diodi mbili badala ya moja.

Kule kuzama ndiko nilikokuja kukitegemea baadaye kwenye hoja yangu, kwa hiyo nikieleze. Rada haisikii mwendo wote wa gari. Inasikia ile sehemu tu ya mwendo inayofupisha njia kati yake na gari. Gari likija moja kwa moja usoni mwake, sehemu hiyo ni mwendo wote. Likipita kwa pembeni, mwendo unazidishwa kwa kosaini ya pembe. Kwa pembe ya nyuzi 10 unapoteza asilimia moja na nusu, kwa nyuzi 20 unapoteza asilimia 6, na gari likiwa usawa wako kabisa, nyuzi 90, rada inasoma sifuri hata kama gari ni ndege. Kwa askari aliyesimama chini, kosa hili lina upande mmoja siku zote: namba inayosomwa ni ndogo kuliko mwendo halisi, au sawa nao. Halimwonei dereva hata siku moja. Ni rada iliyofungwa kwenye gari la askari linalotembea ndiyo yenye kazi ngumu zaidi, kwa kuwa hiyo lazima ijue kwanza mwendo wake yenyewe kwa kusikiliza mwangwi wa barabara. Ikiupunguza mwendo huo kwa sababu ya pembe, kilichopungua kinahamia kwenye namba ya gari la mbele.

Je, masafa ya rada yakihama kwa joto au kwa uzee? Tuseme yamehama megahezi 100, ambazo ni nyingi. Kati ya megahezi 24,150 hizo ni chini ya nusu asilimia. Kwenye 50 utakosea chini ya robo ya kilomita. Ndiyo maana nasema upande wa usahihi ni imara. Dereva aliyekuwa peke yake barabarani, tochi ikasoma 71, akasimama kubishana kwamba mashine ni mbovu, karibu mara zote hana hoja, na watoto wanaovuka pale kwenda shule wana haki ya kumwona akilipa.

Lakini siku ile nilipokuwa kwenye kigoda changu, lilitokea jambo ambalo kioo cha askari hakiwezi kukuonyesha. Zilikuja gari mbili pamoja, bajaji mbele na Hiace nyuma yake, na spika ikatoa milio miwili kwa wakati mmoja. Mlio wa chini na mluzi wa juu, kila mmoja umenyooka, kama watu wawili wanaoimba sauti mbili. Sikio linazitenganisha bila taabu. Ila mashine ya kuonyesha namba moja lazima ichague, na kwa kawaida inachagua mwangwi wenye nguvu zaidi. Wala haichagui ulio karibu zaidi, maana umbali haiujui.

Jina la "tochi" lenyewe linatupotosha hapa. Linakufanya udhani askari anamulika gari fulani, na mwanga unatua pale alipolenga. Mwale wa rada ya mkononi una upana wa nyuzi kama 12. Kwa umbali wa mita 200 umeshatanuka kufikia mita 42, na kwa mita 300 ni mita 63. Barabara yetu kuu ya njia mbili pamoja na mabega yake ina upana wa mita 10 hivi. Maana yake, unapolielekeza gari lililo mbali, umelikumbatia na la mbele yake, la nyuma yake, linalokwenda upande mwingine, vibanda vya mihogo na miembe iliyo pembeni. Vibanda na miembe vimetulia, havina mluzi. Magari yote yanao.

Nguvu ya mwangwi inategemea mambo mawili. La kwanza ni umbali, na hili ni kali: mawimbi yanafifia kwa mraba wa umbali yakienda, na yanafifia tena kwa mraba yakirudi. Gari likiwa mbali mara mbili, mwangwi wake ni dhaifu mara 16. Hilo humsaidia gari la mbele kusikika. La pili ni umbo. Lori lina uso wa bati uliosimama wima kama ukuta, mpana, mrefu, na nyuma yake kuna bodi. Gari dogo la kisasa limelazwa boneti na kioo ili lipasue upepo, na mawimbi mengi yanayolipiga yanatupwa juu angani.

Turudi sasa kwenye siku ya shemeji. Kwa kukadiria, tulikuwa mita 200 kutoka kwa askari alipotupiga, na lori lilikuwa mita 100 nyuma yetu, yaani 300 kutoka kwake. Umbali wa lori ulikuwa mara moja na nusu ya wetu. Moja na nusu ukiizidisha yenyewe mara nne unapata 5 na kidogo. Kwa hiyo lori lilihitaji uso unaorudisha mawimbi zaidi ya mara 5 ya Vitz ya shemeji ili mwangwi wake uushinde wetu. Kwa lori zima mbele ya kigari kama kile, hilo ni jambo la kawaida. Na bado lori lilikuwa juu ya mteremko, limeinuka juu ya paa letu, hatukulikinga.

Kuna kipimo kingine kinachoafikiana na hicho. Sisi tulikuwa 48, lori tuseme 71. Tofauti ni kilomita 23 kwa saa, ambazo ni mita 6.4 kwa sekunde. Kuimaliza nafasi ya mita 100 iliyokuwa kati yetu lori lilihitaji sekunde 16 hivi. Nasi kwa 48 tulihitaji sekunde 15 kufika kwa askari. Na lori lilitupita wakati gani? Tulipokuwa tunaegesha. Kama sisi ndio tungekuwa 71 na lori liko nyuma likifuata kwa mwendo wa chini ya huo, lisingetufikia mapema vile. Kuhusu mshale wa dashibodi, kanuni za kimataifa za spidomita haziruhusu isome chini ya mwendo halisi, kwa hiyo gari lenye tairi za saizi yake likionyesha 48 huwa liko 48 au pungufu.

Sisemi askari yule alikuwa na nia mbaya. Aliona gari dogo mbele, akabana kifyatulio, namba ikatokea, akaigandisha kwenye kioo, akainua mkono. Kila hatua ilikuwa ya kawaida. Ila kati ya namba kutokea na mkono kuinuka kuna hatua moja iliyokosekana, na mashine haiwezi kuifanya kwa niaba yake.

Marekani walilipitia jambo hili kwa aibu ya hadharani. Mwaka 1979 huko Miami, televisheni ilionyesha rada ya trafiki ikisoma mti wa jamii ya mnazi unakwenda maili 86 kwa saa, na nyumba maili 28. Jaji Alfred Nesbitt wa kaunti ya Dade alisikiliza wataalamu wa pande zote mbili, kisha akakataa kupokea ushahidi wa rada katika kesi zilizokuwa mbele yake. Watu waliucheka sana mnazi ule. Kwangu mimi unaeleza vizuri kuliko kitabu. Mnazi hauna mluzi, kwa hiyo namba ile haikutoka kwenye mnazi. Rada inapokosa mwangwi wa maana, saketi zake hujiongezea usikivu, kama mtu anayetega sikio gizani, na hapo inaweza kushika chochote kinachotikisika kwa masafa ya mluzi: mapanga ya feni ya gari la askari, mvumo wa jenereta ya injini, redio ya upepo iliyo mkononi mwake. Inahesabu mitikisiko, inagawanya, inatoa namba. Kwa upande wake, imefanya kazi yake sawasawa.

Askari aliye makini anaweza kuutambua uongo wa aina hiyo kwa sikio. Mluzi wa gari ni safi, unakua kwa nguvu gari linavyokaribia. Mvumo wa feni au redio unakwaruza, haukui, na unabaki palepale hata ukiielekeza rada mbinguni. Rada nyingi zina spika ndogo kwa kazi hii hasa, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kuzimwa kwa sababu inapiga kelele kutwa nzima. Ningekuwa na sauti mbele ya wanaosimamia kazi hii, ningeomba kwanza kabisa spika hiyo isizimwe. Namba pekee inaficha milio mingine yote, na spika inaianika.

Ombi la pili ni kuhusu uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili kinacholia ukikigonga. Rada za trafiki huja na uma zake zilizochongwa mwendo fulani. Uma wa 50 kwa rada ya gigahezi 24.15 unatikisika mara 2,238 kwa sekunde. Ukiugonga kwenye kipande cha mbao na kuushika mbele ya mdomo wa rada, meno yake yanatikisa mwangwi kwa masafa hayohayo na kioo lazima kisome 50, au kikosee kwa kilomita moja tu. Hii inapima upande wa kuhesabu, kuanzia diodi mpaka kioo. Haipimi masafa yanayotumwa, lakini tumeshaona masafa hayo hata yakihama hayana madhara makubwa. Kipimo cha uma mwanzo wa zamu na mwisho wa zamu, kikaandikwa saa na matokeo, kinachukua dakika moja. Kikikosekana, hata dereva mwenye makosa ana mlango wa kutokea, na hilo nalo silipendi.

La tatu ndilo ninaloling'ang'ania zaidi. Penye magari mawili yanayokaribiana mwalini, rada isiwe ushahidi peke yake. Kwenye barabara zenye msongamano, leza inafaa zaidi, maana mwale wake kwa mita 300 unatanuka kama mita moja tu na unaweza kutua kwenye namba ya gari moja. Rada iachiwe barabara nyeupe, ambako gari linakuja peke yake. Na pale inapotumika, askari aandike alipiga kwa umbali gani na nyuma ya gari lile kulikuwa na nini. Maneno kumi yanatosha. Najua nitaambiwa madereva watayageuza maneno hayo kuwa visingizio. Baadhi watafanya hivyo. Lakini siku ile lori lililokuwa linakuja na tani zake kwenye kijiji chenye watoto lilipita bila kusimamishwa, kwa kuwa faini yake ilikuwa imeshaandikiwa gari jingine.

Na ile hatua iliyokosekana haihitaji kununua kitu. Askari alisimama mita kama 5 kutoka kwenye mstari tuliopita. Kwa umbali wa mita 200, pembe ilikuwa chini ya nyuzi 2, hakuna kinachopotea. Angeendelea kubana kifyatulio badala ya kugandisha namba mara moja, mwangwi wetu mwishoni ungekua kwa haraka kuliko wa lori. Tukifika mita 100 kutoka kwake, huku lori likiwa limebakiza mita 150 hivi, ushindani ungekuwa uleule, lakini kwa muda huo spika ingekuwa inatoa milio miwili. Tukifika mita 20 mbele yake, lori lingekuwa mita 34 hivi kutoka kwake, na kwa kanuni ileile ya umbali lingehitaji uso unaorudisha mawimbi zaidi ya mara 8 ya wetu, si 5 tena, ili litushinde. Namba ingeweza kuanguka ghafla, kutoka 71 hadi 47, kisha kwa mita 10 ingesoma 43 kwa sababu ya pembe, ikazama na kuturuhusu tupite. Na mara tu baada yetu, mbele ya macho yake kusingekuwa na gari jingine ila lori.